Mkanda wa vibendera vya sikukuu ya kuzaliwa: karatasi sita, uzi wa mita nne

Tangu tuliposherehekea watoto wa kikundi chetu pale kwenye uwanja wa shule, wengi wenu mmetuuliza wapi tulinunua ule mkanda wa vibendera uliotundikwa ukutani. Hatukuununua. Ni karatasi za kawaida, zile za A4 ambazo kila sekretaria hapa Kamituga inazo, tukazikata pembetatu na kuzifunga kwenye uzi. Kwa kuwa tumeulizwa mara nyingi, na kwa kuwa sisi walimu hatuwezi kuona karatasi bila kutaka kuipima, tumeamua kueleza kazi yote hapa, kutoka kipimo cha kwanza mpaka pale mkanda unapowekwa ndani ya katoni kumngoja mtoto mwingine.

Sababu ya kujitengenezea mnaijua. Mikanda ya dukani inatoka Bukavu, karibu kilomita 180 kwa njia ya Mwenga, na wakati wa mvua lori linaweza kulala matopeni siku nyingi. Ikifika, bei yake imeshapanda, na maandishi yake ni ya lugha ambayo bibi ya mtoto hasomi. Sisi tulitaka mkanda unaosema HERI YA KUZALIWA, ambao mama anayetwanga mawe tangu asubuhi anaweza kuusoma akirudi nyumbani, na ambao utatumika kwa watoto wote wa kikundi, si kwa mmoja tu na kutupwa.

Hilo la mwisho ndilo lililotuongoza katika mambo yote. Mkanda wenye jina la mtoto na umri wake ni mzuri siku moja. Kesho yake ni takataka. Kwa hiyo jina na umri tuliviondoa kabisa kwenye mkanda mkubwa. Jina la mtoto linaandikwa kwenye mkanda mdogo wa pembeni, na huo anabaki nao yeye. Mkanda mkubwa ni mali ya kikundi.

Tuanze na kipimo, maana hapo ndipo karatasi huokolewa au hupotea. Karatasi ya A4 ina sentimita 21 kwa 29.7. Mtu akikata pembetatu moja moja bila kufikiri, anapata mbili kubwa na mabaki mengi. Lakini pembetatu mbili zikitazama chini, nafasi iliyo katikati yao ni pembetatu ya tatu inayotazama juu, yenye ukubwa uleule. Ukiipanga hivyo, karatasi moja inatoa vibendera vitatu, na kila mkato wa katikati unatenganisha viwili.

Laza karatasi kwa upana, ule upande mrefu uwe mbele yako. Chukua rula, ile tunayoiita lati, na biki nyeusi. Piga mstari mmoja sentimita 2 kutoka ukingo wa juu, na mwingine sentimita 2 kutoka ukingo wa chini. Kati ya mistari hiyo miwili panabaki sentimita 17, nao ndio urefu wa kibendera. Sasa tafuta katikati ya karatasi, yaani sentimita 14.85 kutoka ukingo wa kushoto, na uweke nukta pale kwenye mstari wa juu. Kutoka nukta hiyo pima sentimita 14 kwenda kushoto, nukta, na sentimita 14 kwenda kulia, nukta. Kwenye mstari wa chini, kutoka katikati pima sentimita 7 kushoto na 7 kulia. Kisha unganisha nukta kwa mistari minne ya kupanda na kushuka: juu kushoto, chini, juu katikati, chini, juu kulia. Utaona umeandika herufi W kubwa inayojaza karatasi nzima. Hiyo W ndiyo mikato yako.

Ili kujua kama umepima sawa, weka rula kwenye kila mstari wa W. Yote minne lazima iwe na sentimita 18.4. Ukikuta mmoja una 18 na jirani yake 18.8, nukta moja imeteleza, na kibendera hicho kitaning'inia kikiwa kimeinama upande. Ni afadhali kufuta na kupima tena kwenye karatasi hii moja kuliko kulipia karatasi sita zilizopinda.

Zile sentimita 2 za juu na za chini si za kutupwa. Ni sehemu ya kukunja juu ya uzi. Kila kibendera kinakatwa pamoja na kipande chake cha kukunja: viwili vya kutazama chini vinachukua ukingo wa juu, na kile cha katikati kinachukua ukingo wa chini. Kuna jambo dogo ambalo watu wengi wanaliruka, kisha wanashangaa kwa nini mkanda wao una masikio. Kipande cha kukunja kina upana wa sentimita 14 mpaka mwisho wake, lakini kibendera kinazidi kuwa chembamba kadiri kinavyoshuka. Ukikunja nyuma bila kupunguza, pembe za kipande zinachungulia pande zote mbili, karibu sentimita moja kila upande. Basi kabla ya kukunja, kata pembe hizo mbili kwa mshazari: anza pale mstari wa kukunja unapoishia, uingie ndani sentimita moja hivi ukifika ukingoni. Masikio yanapotea.

Sasa herufi. Hapa tulikaa jioni nzima, na tunadhani ndiyo sehemu ya kazi hii ambayo hamtaipata mahali pengine.

HERI YA KUZALIWA ina herufi 14. Ukiongeza kibendera kitupu kati ya maneno, mara mbili, na kimoja kila mwisho wa mkanda, unapata vibendera 18, yaani karatasi 6 kamili, tatu tatu, bila kubaki hata kimoja. Maneno ya Kifaransa ambayo watoto wanaimba kwa sikukuu hiyo yana herufi 18 peke yake, kabla ya nafasi yoyote, kwa hiyo yanataka karatasi 7. Mara moja moja Kiswahili nacho kinatuokolea pesa.

Shida ni kile kibendera cha katikati. Kinatazama juu wakati wenzake wanatazama chini. Ukiandika herufi zote tatu zikiwa zimesimama, mbili zitakuwa sawa, lakini ya katikati ukishaikata na kuigeuza, herufi itakuwa imesimama kwa kichwa. Dawa ya kawaida ni kuigeuza herufi hiyo kwenye kompyuta kabla ya kutoa karatasi. Inawezekana, lakini kijana wa sekretaria mwenye foleni ya watu mlangoni hupenda kusahau, na mama anayeandika kwa mkono naye huchanganyikiwa.

Tukatazama herufi zenyewe. Andika H kwenye karatasi, kisha pindua karatasi juu chini. Bado ni H. I bado ni I. Z pia inabaki Z. Na kibendera kitupu hakina kichwa wala miguu. Katika HERI YA KUZALIWA kuna H moja, I mbili na Z moja, na vitupu vinne. Karatasi ni sita, kwa hiyo tunahitaji vya katikati sita tu. Tukiziweka herufi hizo katikati, hakuna haja ya kugeuza kitu chochote.

Mpango wetu basi ni huu. Karatasi ya kwanza ina E, H na R. Ya pili Y, I na A. Ya tatu K, Z na U. Ya nne A, I na L. Ya tano W, kitupu na A. Ya sita ni vitupu vitatu, na hivyo watoto wanavipamba wanavyotaka. Kwenye karatasi maneno hayasomeki, na kijana wa sekretaria atakutazama kama unampa kazi ya siri. Mwache. Ukishakata, unazipanga mezani na maneno yanajitokeza.

Herufi yenyewe iwe na urefu wa sentimita 6, ianze sentimita moja na nusu kutoka kwenye mstari wa kukunja. Ikiwa hivyo inaishia sentimita 7.5 chini, na hapo kibendera bado kina upana wa karibu sentimita 8, inayotosha hata miguu ya A. Watu wanapenda kuweka herufi katikati kabisa ya urefu wa pembetatu, kwa kuwa karatasi ikilala mezani inapendeza. Lakini huko chini kibendera ni chembamba, na miguu ya herufi inakatwa na makasi. Herufi ikae juu, karibu na uzi. Kwa kibendera cha katikati, kumbuka kwamba uzi wake uko kwenye ukingo wa chini wa karatasi. H, I na Z zinakaa karibu na mstari wa chini, si wa juu.

Anayeandika kwa mkono anaweza kuishia hapa. Unachora W mara moja tu, kwa biki nyeusi na mkono usiotetemeka, na unaipeleka kwenye fotokopi utoe nakala sita. Toa nakala zote kutoka karatasi ileile uliyoichora, usitoe nakala ya nakala, maana kila mara mashini inanenepesha mistari na kuipeleka pembeni kidogo. Herufi unaziandika nyumbani, na watoto wanapaka rangi.

Kwa wale wanaotaka herufi za mashini, tuseme kidogo kuhusu kompyuta. Katika Word, yale maneno ya Kifaransa yanayoonekana kwenye skrini, unafungua Disposition, kisha Orientation, Paysage, na kwenye Taille unachagua A4. Usiamini kwamba imeshakuwa A4. Kompyuta nyingi zinazotufikia zimetumika Amerika au zimepangwa kwa kipimo cha kule, kinachoitwa Letter, chenye sentimita 21.6 kwa 27.9. Vibendera vyetu viwili pamoja vina sentimita 28, na katika Letter havitoshi, ncha ya kulia inakatwa. Halafu Insertion, Formes, Triangle isocèle, na unaandika Hauteur 17 cm na Largeur 14 cm. Unahitaji tatu. Zote zinakaa sentimita 2 kutoka juu. Ya kwanza inakaa sentimita 0.85 kutoka kushoto, ya katikati 7.85, ya tatu 14.85. Ya kwanza na ya tatu unazipa Rotation ya 180° ili zitazame chini. Herufi usiiandike ndani ya pembetatu yenyewe, kwa sababu itageuka pamoja nayo. Iweke katika Zone de texte peke yake, bila rangi wala mpaka, kwa Arial nene, ukubwa 240. Ukubwa huo ndio unaotoa herufi ya sentimita 6.

Ukimaliza, hifadhi kama PDF kabla ya kuiweka kwenye flashi. Word ya sekretaria inaweza kuwa ya mwaka mwingine, au haina herufi ulizochagua, na ukiifungua pale kila kitu kimehama. PDF haihami.

Lakini PDF nayo ina mtego wake, na huo ulitokea mbele yetu katika sekretaria moja. Kijana alitoa karatasi ya kwanza vizuri, umeme ukakatika, akawasha jenereta, akaendelea na nyingine. Tulipoziweka mezani, za pili zilikuwa ndogo kuliko ya kwanza. Si sana, lakini rula ilisema wazi: kibendera cha kwanza sentimita 14, vingine 13.4. Mashini ilikuwa imejirudisha kwenye Ajuster, inayobana ukurasa mzima ili usiguse kingo. Kwenye mkanda tofauti hiyo inaonekana kutoka mlangoni, kwa kuwa chini ya vibendera panakuwa na ngazi. Tangu siku hiyo tunaenda na rula ndani ya mkoba. Tunaomba Taille réelle au 100%, tunapima upande wa juu wa kibendera cha kwanza, na ikiwa ni 14 ndipo tunasema endelea. Mashini ikizimika katikati ya kazi, tunapima tena. Kingo ambazo mashini haifiki hazitusumbui, maana mchoro wetu hauanzi mpaka sentimita 2 kutoka juu na karibu sentimita moja kutoka pembeni. Ndiyo sababu nyingine ya kuacha nafasi hizo.

Uliza pia mashini inatumia nini. Ile ya unga, kama ya fotokopi, inachoma maandishi kwenye karatasi na maji hayayaondoi. Ile ya wino wa maji inatoa rangi nzuri, lakini hapa kwetu hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, na tone moja kutoka kwenye bati linatosha kuifanya herufi ilie. Lowesha kidole, gusa pembe ya karatasi ya majaribio. Kidole kikitoka na rangi, usiitundike nje. Sisi tunatoa mistari na herufi kwa weusi tu, katika mashini ya unga, na rangi tunawaachia watoto na kalamu zao. Ni rahisi kwa bei, na watoto wakishapaka wenyewe hawakubali mtu aiguse kwa mikono ya mafuta.

Sasa kukata na kufunga. Kwanza kata karatasi zote, ukifuata mistari ya W, kisha tenganisha vipande vya kukunja. Kunja kila kipande kwa nyuma ukitumia rula ili mkunjo uwe mkali. Gundi ya dukani ni nzuri, lakini ya muhogo inatosha: kijiko kimoja cha unga wa muhogo katika nusu ya glasi ya maji baridi, koroga mpaka hakuna madonge, kisha weka kwenye mbabula yenye moto mdogo ukiendelea kukoroga mpaka uji uwe mzito na kung'aa. Uache upoe. Paka kidogo sana, na paka kwenye ukingo wa kipande tu, si karibu na mkunjo. Mahali pa mkunjo pawe wazi, ili uzi upite ndani kama kamba ya sketi. Gundi nyingi inalowesha karatasi, na ikikauka inakuwa na mawimbi kama bati.

Kuhusu uzi, kibendera kimoja kina sentimita 14, na kati ya viwili tunaacha sentimita 2. Vibendera 18 vinachukua sentimita 252, nafasi 17 zinachukua 34, jumla ni 286. Ongeza nusu mita kila upande kwa ajili ya kufunga, unafika karibu mita 3.9. Kata mita nne.

Uzi wenyewe usiwe wa nailoni, ule wa mafundi wa kujenga. Ni imara, lakini unateleza. Mkanda ukitundikwa, uzi unalegea kidogo katikati, na vibendera vyote vinateremka huko kama kondoo kwenye kijito. Baada ya saa moja HERI imepandana na YA. Tumia uzi wa sufu au kamba nyembamba ya katani, yenye vinyweleo vinavyoshika karatasi. Hata hivyo, kibendera cha kwanza na cha mwisho cha kila neno tunakibana kwa kipande kidogo cha skochi nyuma, pale uzi unapotoka. Vingine tunaviacha huru, kwa sababu kimoja kikichanika tunataka kukitoa na kuweka kingine bila kuvunja mkanda mzima. A zikiwa tatu, ya akiba moja inatosha kwa zote.

Karatasi ya kawaida ni nyepesi mno. Karatasi nzima ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5 tu, na kibendera kimoja hakifiki gramu 2. Uzito huo mdogo unasaidia, maana msumari mdogo kwenye ubao unatosha kubeba mkanda wote. Lakini unyevu wa jioni unakunja ncha za chini, na upepo unazigeuza. Tulijaribu kutumia karatasi mbili zilizogandishwa pamoja, ikawa gharama mara mbili. Kinachofanya kazi ni kijiti chembamba cha ufagio, cha sentimita 12 hivi, kilichogandishwa nyuma katikati kutoka juu kwenda nchani. Kwenye karatasi hakionekani, na kibendera kinasimama kama askari.

Nyumba nyingi zetu chumba hakina mita tatu za ukuta mtupu. Usiubane mkanda mpaka maneno yapinde kwenye kona. Ugawe mara mbili. HERI YA, pamoja na kitupu cha katikati, ni vibendera 7, sentimita 110. KUZALIWA ni 8, sentimita 126. Utundike mmoja juu na mwingine chini yake, ukiacha sentimita 25 kati ya nyuzi ili ncha za juu zisifunike herufi za chini. Na mahali popote utakapotundika, pasiwe juu ya mbabula wala karibu na mishumaa ya keki. Karatasi kavu yenye gundi ya muhogo inashika moto haraka, na unaweza kwenda kutoka kibendera hadi kibendera.

Mkanda mdogo wa jina unafuata mchoro uleule. Jina kama FURAHA ni herufi 6, karatasi 2. Hapo ile bahati ya herufi zisizogeuka hutaipata kila mara, lakini H ya FURAHA inaweza kukaa katikati ya karatasi moja, na kwa nyingine unaandika herufi ya katikati ukiwa umegeuza karatasi. Kwa mkono ni rahisi kuliko kompyuta. Jina refu linaandikwa kwa nusu ya ukubwa.

Tulipotengeneza orodha ya watoto ili kujua mkanda utatoka siku zipi, kazi ya karatasi ilitufikisha mahali ambapo hatukutegemea. Tuliomba tarehe tu. Wamama wengine walitaja mara moja. Wengine walisema alizaliwa wakati wa mvua kubwa, au wiki ile shimo fulani lilipoanguka, au tulipokuwa bado tunakaa kwenye machimbo. Mama hajasahau mtoto wake. Hakuna mtu aliyemwandikia. Tukaketi nao mmoja mmoja, tukatafuta kadi za kliniki ambapo mtoto alipimwa uzito, na katika kadi hizo tarehe nyingi zilipatikana, zimeandikwa na mkunga kwa wino uliofifia. Tunazo sasa katika daftari la kikundi.

Kadi ya kliniki lakini si cheti cha kuzaliwa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inampa mzazi siku 90 tangu mtoto azaliwe kumwandikisha katika ofisi ya hali ya raia. Zikipita, cheti kinapitia kwanza mahakamani, na hiyo ni safari, ni pesa, na ni siku za kazi zilizopotea. Sisi walimu tunaiona shida hiyo mwaka wa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, wakati mtoto wa miaka kumi na miwili anatafutiwa tarehe haraka haraka na anaandikiwa yoyote inayokuja. Kwa hiyo tumeweka kanuni moja ya mkanda wetu: mama aliye na mtoto mchanga akija kuuomba kwa ajili ya ndugu yake mkubwa, tunahesabu naye siku za yule mdogo. Kama 90 bado hazijaisha, anaondoka na mkanda na pia na karatasi ndogo yenye tarehe ya mwisho ya kwenda ofisini. Katika orodha ya sasa kuna wawili, mmoja amebakiza siku 20.

Wanaotaka mkanda utakaodumu kuliko karatasi wanaweza kutumia mchoro huohuo kama kipande cha kukatia kitenge. Mafundi wa kushona wanatupa mabaki ambayo yanatosha pembetatu ya sentimita 14 kwa 17, na sehemu ya kukunja inashonwa badala ya kugandishwa. Herufi ndizo kazi, maana zinakatwa kwa kitambaa cha rangi moja na kushonewa juu. Tumeanza mmoja, tumefika kwenye Z.

Huu wa karatasi tunauhifadhi bila kuukunja. Tunavilaza vibendera kimoja juu ya kingine vikiwa bado kwenye uzi, kama kurasa za kitabu, tunazungushia uzi uliobaki, na tunaviweka kwenye mfuko wa plastiki uliokauka kabisa, ndani ya kopo lenye kifuniko. Kopo ni kwa sababu ya gundi ya muhogo. Panya na mende wanaijua harufu yake, na kwao mkanda wetu ni chakula. Kama tuliutundika wakati wa mvua, tunauacha siku moja ndani ya nyumba ukauke kabla ya kuufunga, la sivyo ukungu unaanza kwenye mikunjo, madoa ya kijivu yanayonuka.

Kopo liko kwa mwekahazina wetu. Anayeuhitaji amwambie siku tatu kabla, alete vijiti vinne vya ufagio na karatasi moja nyeupe kwa akiba, na aurudishe Jumatatu. Mchoro wa W, ule wa kwanza wa biki, uko ndani ya kopo hilohilo katika bahasha. Mnaweza kwenda nao kwenye fotokopi, ila msiukate.